Chumba cha Karibu au cha Mbali? Hesabu ya Kufanya Mombasa Kabla Hujalipa Dipoziti

Karibu kila mwisho wa mwezi kuna mtu ninayemsaidia kubeba godoro. Alitoka Kisiwani akahamia Mtwapa au Likoni kwa sababu alipata chumba cha bei rahisi, na kabla hata miezi mitatu haijaisha anarudi, huku dipoziti imebaki kule. Wengine huenda kinyume: wanang'ang'ania chumba cha mjini ambacho kazi yao ya vibarua haiwezi kukilipia.

Kosa lao ni moja. Wanalinganisha kodi kwa kodi. Chumba ni 6,500 huku na 5,000 kule, basi wanachukua cha 5,000. Lakini mfanyakazi halipi kodi pekee, analipa kulala pale na kufika kazini, na hiyo ya pili hakuna dalali atakayekutajia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi Kisiwani. Kama kazi yako iko hotelini Shanzu au kiwandani Changamwe, hatua ni zilezile, utabadilisha majina ya steji tu. Mfano nitakaoufuata ni wa binti ya shangazi yangu, anayeuza dukani karibu na Mwembe Tayari, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa mshahara wa shilingi 22,000. Alikuwa anaishi Mtwapa, na kila ifikapo tarehe 20 alikuwa anakopa nauli kwangu. Bei zote ni za daftari lake. Wewe weka zako.

## Vitu vya kuandaa

Daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu itakupa saa, lakini usiandikie humo, kwa sababu ndani ya matatu iliyojaa hutaitoa.

Pesa ndogondogo, sarafu na noti za hamsini. Ukimpa makanga noti ya mia tano hutajua nauli ilikuwa ngapi mpaka chenji irudi, na wakati mwingine hairudi yote.

Siku mbili za kazi za kufanyia majaribio, mojawapo iwe Jumatatu au Ijumaa. Jumapili haifai. Jumapili Mombasa nzima iko karibu.

Na viatu vyako vya kazini, vilevile unavyovaa kila siku. Nitaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Hesabu siku unazokwenda kazini kwa mwezi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha jibu kuliko zote.

Mtu wa Jumatatu hadi Jumamosi huenda kazini siku 26 hivi. Wa Jumatatu hadi Ijumaa, siku 22. Kibarua wa bandarini au fundi anayeitwa kazi ikipatikana anaweza kwenda siku 10 tu. Kodi haijali umekwenda siku ngapi, inalipwa yote. Nauli inalipwa kwa siku uliyokwenda. Kwa hiyo kadiri siku zako za kazi zinavyokuwa chache, ndivyo nyumba ya mbali inavyokufaa zaidi, na kadiri zinavyokuwa nyingi, ndivyo ya karibu inavyojilipa.

Usikisie. Rudi nyuma miezi mitatu, hesabu siku ulizokwenda kweli, gawanya kwa tatu. Vibarua wengi huandika 20 kwa matumaini, kumbe mwezi uliopita walifanya 11.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na namba moja tu, imeandikwa juu ya ukurasa. Ya binti ya shangazi ilikuwa 26.

## Hatua ya 2: Tafuta nauli ya mpaka

Chukua kodi ya chumba cha karibu, toa kodi ya chumba cha mbali, kisha gawanya kwa siku zako za kazi. Hiyo ndiyo ninayoiita nauli ya mpaka: pesa ambazo safari ya kwenda na kurudi haitakiwi kuzidi kwa siku. Ikizidi, ile nyumba ya bei rahisi si rahisi tena.

Tulikaa kwenye baraza lake kule Mtwapa tukaifanya. Chumba alichokuwa ameonyeshwa Majengo kilikuwa 6,500. Bedsita yake ya Mtwapa ilikuwa 5,000. Tofauti ni 1,500, gawanya kwa 26, unapata shilingi 58 kwa siku. Alicheka. "Kaka, 58 hainitoi hapa hata kunifikisha Kongowea."

Kulikuwa na chumba cha tatu Likoni, 3,500. Kutoka 6,500 ya Majengo tofauti ni 3,000, gawanya kwa 26, shilingi 115 kwa siku. Hapo palikuwa na la kuzungumza.

Sasa mchukue kibarua wa siku 10 mwenye kuchagua kati ya vyumba vivyo hivyo viwili. Shilingi 3,000 gawanya kwa 10 ni 300 kwa siku. Hakuna nauli ya kawaida ya Likoni itakayofika 300. Huyo akae Likoni, na mtu asimdanganye.

Tahadhari moja kwa wenye familia: nauli ya mpaka ni ya nyumba nzima, si ya mtu mmoja. Tuseme vyumba viwili Tudor ni 14,000 na Mshomoroni ni 8,000. Tofauti ya 6,000 kwa siku 26 ni kama 230 kwa siku. Baba akienda kazini peke yake kwa 120, wamebakiwa na 110 kila siku. Mama naye akipata kazi mjini, wote wawili wanatumia 240, na faida yote imeishia kwa makanga. Mtoto anayesoma shule ya mjini naye hesabu nauli yake.

## Hatua ya 3: Ifanye safari mwenyewe, kipande kwa kipande

Dalali atakwambia "ni dakika ishirini tu mpaka tauni". Ni kweli, saa nne asubuhi. Wewe hutasafiri saa nne asubuhi.

Kuingia Kisiwani kwa gari ukitoka makazi ya bei nafuu kuna milango mikuu mitatu. Kutoka kaskazini, yaani Mtwapa, Kiembeni, Bombolulu na Kisauni, wote mnakutana daraja la Nyali. Kutoka magharibi, Miritini, Mikindani, Magongo na Changamwe, mnapita Makupa pamoja na malori ya bandarini. Kutoka kusini ni feri ya Likoni. Asubuhi watu wote wanaingia, jioni wote wanatoka, na milango haiongezeki. Ndiyo maana umbali wa ramani hauna maana sana hapa. Likoni ni kama mita 500 za maji tu kutoka Kisiwani, na bado kuna watu wa Mikindani wanaofika mjini mapema kuliko wa Likoni.

Nenda mpaka mtaa unaoutaka, usimame mbele ya nyumba yenyewe (si steji), na uanze safari saa ileile utakayokuwa unaondoka. Andika vipande vyote: nyumbani hadi steji, kusubiri gari lijae, ndani ya gari, kivuko kama kipo, kutoka steji ya mwisho hadi mlango wa kazini. Kwa kila kipande andika dakika na shilingi. Jioni rudi vivyo hivyo.

Hapa ndipo viatu vinapoingia. Kipande cha kutembea dakika kumi kwa raba ni kingine kabisa kwa viatu vya kisigino kwenye mchanga wa Mtwapa mvua imenyesha. Ukishindwa kukitembea, kitakuwa kipande cha boda, na boda kina bei.

Daftari la binti ya shangazi la wiki moja ya Mtwapa, kilomita 16 hivi kutoka mjini, lilisema hivi: Jumatatu 300, Jumanne 250, Jumatano 250, Alhamisi 280, Ijumaa 310, Jumamosi 230. Jumla 1,620, wastani 270 kwa siku. Kabla ya kuandika aliniapia kwamba anatumia 180, kwa sababu kichwani alikuwa na nauli ya mchana. Hakuwa amehesabu kwamba jioni nauli hupanda watu wakiwa wengi, wala kwamba akishuka usiku hatembei, anachukua boda la 50 hadi mlangoni.

Ya Likoni aliijaribu Jumatatu moja, baada ya kulala kwa rafiki yake huko. Nakala ya ukurasa wenyewe, saa zikiwa za Kiswahili:

12:20 nimetoka nyumbani
12:35 nimefika feri, matatu 30
12:47 geti limefunguliwa
12:58 nimeshuka upande wa mjini
1:38 dukani, kwa miguu

Dakika 78. Feri haina nauli kwa watembea kwa miguu, na hilo ndilo linaloifanya Likoni ivutie. Lakini tazama zile dakika 12 kati ya kufika na geti kufunguliwa. Siku hiyo zilikuwa 12. Ukifika geti likifungwa puani mwako, au feri moja ikiwa haifanyi kazi, unasimama pale kwenye mteremko, umebanwa, umeshika mkoba kifuani, na hakuna njia ya kulipia zaidi ili uvuke upesi. Kwenye matatu ukichelewa unaweza kushuka ukapanda boda. Kwenye feri huwezi. Kwa hiyo kwa anayeishi Likoni ongeza dakika 20 za akiba juu ya ulichopima, hasa kama bosi wako anakata mshahara kwa kuchelewa.

Kuhusu pesa, siku aliyopanda matatu upande wa mjini pia alitumia 140 kwenda na kurudi. Siku aliyotembea kutoka feri hadi Mwembe Tayari, kwa barabara ya Nyerere kisha Digo, alitumia 60. Kumbuka nauli yake ya mpaka ilikuwa 115. Maana yake ni kwamba Likoni ingemfaa ikiwa tu angetembea, kila siku, kwenda na kurudi. Akipanda gari amevuka mpaka.

Mambo matatu ya kuangalia kabla hujafunga hesabu hii:

Mvua. Mwezi wa Mei nauli hupanda, barabara hujaa maji, na maboda huwa adimu. Kama umepima Januari, jua umepima mwezi mzuri.

Ramadhani. Jioni msongamano husogea mapema kwa sababu kila mtu anakimbilia futari nyumbani. Ukitoka kazini saa kumi na mbili kamili utafuturu tende na maji ndani ya matatu.

Zamu. Anayetoka saa tano usiku apime saa tano usiku. Nauli ya wakati huo haifanani na ya mchana, na steji nyingine huwa hazina gari la moja kwa moja.

Utajua umefaulu ukiwa na vipande vyote vya siku mbili vimeandikwa na jumla ya kila siku iko chini yake. Ukiwa na namba moja tu ya "nauli", rudia.

## Hatua ya 4: Ongeza maji, umeme na mlango

Mombasa maji ya mfereji ni ya kubahatisha, na visima vingi vya Kisiwani ni vya chumvi. Kwa hiyo swali si "kuna maji?" Kila mwenye nyumba atajibu yapo. Uliza: "Maji ya kunywa mnatoa wapi, na mtungi mmoja wa lita ishirini ni ngapi?" Kisha muulize mpangaji swali hilohilo, mwenye nyumba akiwa hayupo.

Kule Majengo maji ya kisima ya kufulia na kuogea yalikuwa ndani ya kodi. Ya kunywa na kupikia, mwenye mkokoteni alipita, na binti ya shangazi angehitaji mtungi mmoja kila siku ya pili, shilingi 20. Hiyo ni 300 kwa mwezi. Kule Likoni mfereji wa uani ulikuwa umekauka siku tulipokwenda, na majirani walisema wananunua kila tone. Mitungi miwili kwa siku kwa 20 ni 1,200 kwa mwezi. Tofauti ya 900, na hakuna aliyeitaja mpaka tulipouliza.

Umeme ulikaribiana kote, kwa hiyo tuliuacha. Wewe angalia kama una mita yako ya tokeni au mnachangia. Kwenye mita ya kuchangia mwenye friji analipiwa na mwenye taa moja. Na simama ndani ya chumba mchana, mlango ukiwa umefungwa. Kama hakipitishi upepo, pangaboi litazunguka usiku kucha, na hilo ni pesa.

Kisha mlango. Nyumba ya Majengo ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na choo cha pamoja. Mwenye nyumba ni bibi anayeishi chumba cha mbele. Tulimsalimia.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, wanangu. Chumba ndicho hicho. Mlango wa mbele naufunga saa nne, na saa nne ni saa nne. Kazi yako unatoka saa ngapi?"

Kwa mwenye kutoka saa kumi na mbili hilo si tatizo. Kwa mhudumu wa mkahawa anayemaliza saa tano usiku, chumba hicho hakipo, hata kiwe mlango wa pili kutoka kazini. Uliza saa ya kufunga kabla ya kuuliza kodi.

## Hatua ya 5: Zipe saa zako bei

Sasa weka kila kitu pamoja kwa mwezi.

Mtwapa: kodi 5,000, nauli 270 mara 26 ni 7,020, maji yalikuwa ndani ya kodi. Jumla 12,020.

Majengo: kodi 6,500, nauli hakuna, maji 300. Jumla 6,800.

Likoni, kwa kutembea upande wa mjini: kodi 3,500, nauli 60 mara 26 ni 1,560, maji 1,200. Jumla 6,260.

Mtwapa ilitoka mara moja. Kati ya Majengo na Likoni, Likoni ilishinda kwa shilingi 540. Wengi wangesimama hapo wakaenda Likoni, na ndio hao ninaowabebea magodoro.

Hesabu saa. Likoni ni kama dakika 80 kwenda na 80 kurudi, mara 26, unapata saa 69. Majengo ni dakika 15 kwenda na 15 kurudi, jumla saa 13. Tofauti ni saa 56 kwa mwezi. Ukigawanya 540 kwa 56 unapata chini ya shilingi 10 kwa saa. Hizo saa 56, sehemu ya kusimama kwenye mteremko wa feri na sehemu ya kutembea juani, angekuwa anaziuza kwa shilingi 10 kila moja.

Mshahara wake ukiugawanya kwa saa 10 za siku na siku 26 ni kama 85 kwa saa. Sisemi kila saa ya mtu ina thamani ya mshahara wake. Jioni ukirudi mapema hakuna anayekulipa. Kanuni ninayoitumia ni nusu: ikiwa nyumba ya mbali inakulipa chini ya nusu ya mshahara wako wa saa kwa kila saa inayokupotezea, usiende. Ikiwa inakulipa zaidi, nenda. Nusu yake yeye ni 42 hivi. Likoni ilikuwa inampa 10.

Kuna wanaofaa kuvunja kanuni hii. Mwenye mtoto mchanga wa kumwacha kwa mama yake Likoni anaokoa pesa za yaya, na hizo aziweke kwenye hesabu. Mwenye basi la kampuni linalomchukua steji hana nauli kabisa. Na mwenye mkataba wa miezi mitatu asihamie popote. Avumilie nauli, kwa sababu gharama ya kuhama itamla kabla hajaanza kuokoa.

## Hatua ya 6: Pima gharama ya kuhama yenyewe

Gawa pesa za kuhama mafungu mawili: zinazorudi na zisizorudi. Dipoziti inarudi, angalau kwa maneno. Pikapu, wiki iliyolipiwa mara mbili na rangi utakayokatwa hazirudi.

Pikapu kutoka Mtwapa hadi Majengo ilikuwa 3,000. Mwenye nyumba wa Mtwapa alikata 2,000 ya dipoziti "ya kupaka rangi", ingawa ukuta ulikuwa umetoka rangi kabla binti ya shangazi hajaingia. Hakuwa amepiga picha siku ya kuingia, akashindwa kubisha. Jumla isiyorudi ni 5,000. Kuhama kulikuwa kunampunguzia 5,220 kwa mwezi, kwa hiyo mwezi mmoja ulitosha kuirudisha. Ikichukua zaidi ya miezi mitatu kuirudisha, ningefikiri mara mbili.

Kinachowakwamisha wengi ni pesa taslimu. Kuingia Majengo alihitaji kodi 6,500, dipoziti 6,500 na pikapu 3,000: shilingi 16,000 siku moja, kutoka mshahara wa 22,000, kabla ile ya Mtwapa haijarudishwa. Watu hukopa kwenye simu hapa na riba ikameza faida ya miezi miwili. Yeye alitoa notisi ya mwezi mmoja, akazungumza na bibi, akalipa dipoziti kwa mafungu mawili. Wenye nyumba za Kiswahili wanaoishi humohumo husikiliza zaidi kuliko keateka wa ghorofa, ukiwaomba mapema na kwa adabu.

Kabla pesa haijatoka mfukoni:

Usilipe dalali ada ya kuonyeshwa nyumba kabla hujasimama ndani ya chumba. Na chumba kikionekana kizuri kupita kodi yake, waulize wapangaji wawili kama mtu huyo wanamjua.

Lipa kwa M-Pesa, kwa namba ya mwenye nyumba, na hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo alilokuambia.

Andikianeni, hata ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili: kodi, dipoziti, maji yamo au hayamo, notisi ya muda gani. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba chako cha 6,500 kiko nje yake. Ile karatasi ndiyo kinga yako.

Piga picha kuta, mlango, swichi na choo siku ya kuingia, na umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Kagua baada ya siku thelathini

Endelea kuandika mwezi wa kwanza wote katika nyumba mpya, nauli na mitungi tu. Jumla ikipita ulichokadiria kwa zaidi ya shilingi elfu moja, kuna kipande hukukipima, na kukitafuta sasa ni rahisi kuliko baada ya mwaka.

Dalili za kwamba ulichagua vibaya huonekana mapema. Unaanza kununua chai na mahamri kazini kwa sababu hukuwahi kupika. Unakopa nauli kabla ya tarehe 20. Unajisingizia ugonjwa siku za mvua.

Binti ya shangazi alikuwa amekadiria 6,800 na mwezi wa kwanza ulitoka 7,360. Tulikaa ukumbini kwa bibi tukatafuta zile 560. Siku nne mvua ilinyesha akachukua tuktuk ya 50 kwenda na 50 kurudi, hiyo 400. Na 160 ilikuwa mitungi, kwa sababu maji ya kisima yalimkausha nywele akaanza kuziosha kwa maji ya mkokoteni. Alinunua mwavuli. Nywele alikataa kuzijadili.